Mistari Myekundu ya Mtungi

Nilipaswa kukataa. Kijana wangu alikuwa amesimama kando ya ghala la mahindi, ameinua ncha moja ya bomba la chuma, ile ncha nyingine ikiwa imelala kwenye nyasi. Kila ncha ilikuwa imesimikwa ndani ya mkebe wa rangi wa lita kumi uliojaa simiti. Simiti yenyewe ilikuwa bado na rangi ya majivu mabichi. Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa amekaa juu ya kigoda akifunga kamba za viatu, hatazami upande wowote.

"Baba, tuanze?" kijana wangu aliniuliza.

Nikasema, "Anza."

Ni neno dogo. Nimelitamka mara nyingi maishani, nikianzisha ng'ombe kulima, nikianzisha pampu za maji nilizokuwa nikitengeneza kabla sijastaafu. Lakini nikifumba macho siku hizi, asubuhi ile ya Desemba huja yenyewe: mbaazi zimesimama mbichi mpaka kiunoni, umande haujakauka, vilima vya upande wa mjini vinaelea juu ya ukungu kama vimekatwa miguu, na sauti yangu inasema neno lile kwa utulivu, kama mtu anayeitikia salamu.

Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mitano. Alipewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu azaliwe mimi humwita "mwaitu", yaani mama, naye akitaka kunichokoza huniita mtoto wake. Shule zikifungwa alikuwa akija kwangu Matinyani, kwa sababu wazazi wake wana duka la vipuri kule Salama, kando ya barabara kuu, na pale hakuna mahali pa kukimbia ila katikati ya malori.

Alikuwa mrukaji, wa kuruka chini, ile ya mchanga. Niliwahi kumwona mara moja katika mashindano ya shule. Alikimbia kama mtu asiye na haraka, akakanyaga ubao, halafu kwa muda ambao sijui kuupima akabaki hewani, magoti mbele, mikono juu, na mimi pale kwenye nyasi nikasahau kuvuta pumzi. Mimi pia niliruka nikiwa kidato cha tatu. Nilifika mkoani nikashindwa, na sikupata mtu wa kunieleza kwa nini. Labda hapo ndipo shida ilipoanza, kabla hata baba yake hajazaliwa.

Mashindano ya shule huwa muhula wa kwanza. Ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wakati hakuna mashindano, ndiyo ya kujenga mwili. Hayo si maneno yangu, ni ya mwalimu wake wa michezo, mwanamke kijana mwenye sauti ya pole, aliyekuja nyumbani kwangu kwa bodaboda wiki ya kwanza ya likizo, akiwa na karatasi mbili za daftari na chupa ya rangi ya kucha.

Karatasi tulizibandika ukutani jikoni kwa uji. Rangi ya kucha ilinishangaza.

"Mzee, uko na mtungi wa lita kumi?" aliniuliza.

Nikamletea ule mweupe wa plastiki unaopitisha mwanga. Akamwaga maji ndani kwa kopo la lita moja, na kila lita akachora mstari mwekundu kwa nje.

"Mstari mmoja ni kilo moja," alisema. "Hiki ndicho chuma chetu cha kuinua. Akiukumbatia kifuani, hawezi kunidanganya. Mgongo ukipinda, mtungi unaanguka."

"Kilo moja moja?" nilimwuliza. "Mwalimu, huyu hubeba lita ishirini mgongoni kutoka mtoni tangu akiwa darasa la tano."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimeandika hapa." Akaweka kidole kwenye karatasi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za mazoezi, aliandika: Maji yaletwe na punda. "Maji ya nyumbani pia ni mzigo. Mwili hauulizi kama ni kazi ama ni mazoezi."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika mlango. "Umesikia, mtoto wangu? Siku tatu kwa wiki wewe na punda mtaenda mtoni, mimi nimelala."

Wiki zile za Novemba ndizo ninazozikumbuka kama ndoto ambayo mtu angeomba arudishiwe. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado nyuma ya miti. Mahali petu palikuwa ule uwanda mdogo chini ya shamba, ambapo udongo ni mgumu na mwekundu, na mwishoni tulikuwa tumechimba shimo na kulijaza mchanga wa mtoni, mizigo mingi ya punda. Alianza kwa kuruka kamba, kuinua magoti, kuyumbisha miguu kama milango, mpaka jasho jembamba litokee juu ya mdomo.

Halafu kutua. Kwa wiki tatu nzima hakuruka, alitua tu. Alipanda juu ya jiwe bapa lisilozidi kifundo cha mguu, akashuka kwa miguu miwili, akabaki amekunja magoti na nyonga mpaka nimehesabu mbili. Magoti yasiingiane. Visigino vishuke polepole. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Mwalimu alisema kutua kuzuri hakuna kelele, kwa hiyo nilifumba macho, na kama sikusikia kitu ila njiwa, niliweka kokoto moja ndani ya kofia. Kokoto thelathini, basi. Hata kama alitaka zaidi, basi.

Kisha mbio za mita ishirini, sita tu, mwili ukiwa bado mbichi. Akimaliza moja alirudi akitembea, akasimama dakika mbili nzima. Dakika mbili ni ndefu sana kwa mtoto. Alizitumia kunitania.

"Wewe mtoto, jana ulikula dawa ya magoti?"

"Nilikula, mwaitu."

"Na ulikunywa maji ama ulimeza kavu kama kuku?"

Mwisho kabisa ndio nguvu. Ufagio kwanza: aliuweka wima mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na mwisho wa uti wa mgongo, halafu akainama kutoka nyongani bila ufagio kuachana na sehemu hizo tatu. Kisha mtungi. Aliukumbatia, akachuchumaa mpaka makalio yaguse kigoda, akainuka. Mara nane, akapumzika, mara nane tena, na tena. Mwalimu aliandika kwamba aache akiwa bado anaweza mbili zaidi. "Aache mbili tumboni," ndivyo alivyoandika. Hakuruhusiwa kupanda mstari mpaka siku tatu mfululizo zote ziwe safi, na kila wiki ya nne mtungi ulishushwa mistari miwili ili mwili ushike pumzi.

Na kila asubuhi, kabla ya lolote, niliuliza: "Ngapi?" Naye alitaja namba ya maumivu, kuanzia sufuri hadi kumi, na mahali. "Moja, paja la kushoto." "Sufuri." "Mbili, lakini ni vile nililala vibaya." Ikipita tatu hakuna kuruka siku hiyo, na ikikaa siku mbili mahali pamoja, nimpigie mwalimu. Niliandika kwenye karatasi ile ile. Kitu kingine nilichopaswa kufanya ni kumpima urefu kwenye mwimo wa mlango kila mwisho wa mwezi, kwa kalamu. Akirefuka ghafla, mwalimu alisema, tupunguze, kwa sababu mifupa huwa imekimbia mbele na misuli haijaifikia.

Mwisho wa Novemba mstari wa kalamu ulipanda vidole viwili. Niliuona. Nilimwambia, "Mwaitu, unakuwa mlingoti," tukacheka. Sikumpigia mwalimu. Niliona ni habari njema.

Karibu na Krismasi baba yake akaja kutoka Salama na habari. Kocha wa shule moja ya bweni, yenye sifa za riadha, angekuja mjini Kitui wiki ya pili ya Januari kutazama wasichana wa kuruka. Atachukua mmoja. Akichukuliwa, anahamia huko na kufundishwa na watu wanaojua.

Alikaa jikoni akasoma karatasi zetu huku akinywa chai. Kisha akaenda kuutazama mtungi. Wakati huo ulikuwa umefika mstari wa nane.

"Kilo nane?" alisema. "Baba, kilo nane ni mtoto mchanga na nepi zake."

"Ndivyo mwalimu alivyopanga. Polepole."

"Polepole mpaka lini? Wale wasichana wa Ikutha wanalea mbuzi na kubeba magunia, watakuja pale wakiwa mawe. Huyu wetu atakuja na maji." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Wewe mwenyewe ulituambia ulikuwa ukiinua mawe ya kinu."

Ni kweli niliwaambia. Nilisimulia mara nyingi jinsi tulivyoinua mawe ya kinu shuleni, nikaacha sehemu ya mwisho, kwamba nilifika mkoani nikiwa siwezi kuinama kufunga kiatu. Ningeisema siku ile, mambo yangekuwa mengine. Niliona haya mbele ya kijana wangu.

"Mpigie mwalimu kwanza," nilisema hatimaye.

"Mwalimu yuko kwao kwa sikukuu, tumsumbue ya nini? Wewe ndiye mkubwa hapa. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Hicho ndicho kilichonishinda, kuambiwa mimi ndiye mkubwa. Siku mbili baadaye simiti ilikuwa imekauka kwenye mikebe, na asubuhi ile nikasema anza.

Hatukuwa na mizani. Nilikadiria tu: mkebe wa lita kumi wa simiti si chini ya kilo ishirini, na ilikuwa miwili, juu ya hapo bomba. Yule mtoto mwenyewe hakufika kilo hamsini. Mtungi unaweza kuuongeza lita moja. Mkebe wa simiti huwezi kuupunguza hata kijiko, ni wote au hakuna. Tulimwinulia mimi na baba yake, mmoja kila upande, tukauweka mzigo juu ya mabega yake kwenye taulo iliyokunjwa. Alichuchumaa. Nikaona kiuno kinajikunja chini kabisa, kidogo, kama kiwavi anapogeuka. Aliinuka huku amebinua mgongo, magoti yakikaribiana.

"Umeona!" baba yake akasema. "Ameuweza."

Angekuwa na mtungi, ungeanguka. Bomba halianguki, linakaa tu mabegani likikuambia ameuweza.

Baba yake alirudi Salama baada ya siku tatu, lakini mikebe ilibaki. Alimwachia jirani mmoja kazi ya kunisaidia kuinua. Wiki hizo ndizo watu walipokuwa wakijenga bwawa la mchanga kule mtoni kwa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, na kila nyumba ilitakiwa itoe kitu. Mimi mzee sibebi mawe, nikatoa punda. Nilijisifu kwamba nimetoa. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya mikebe, mjukuu wangu alifunga ukanda kwenye paji la uso akaleta maji kwa mgongo wake mwenyewe. Ile sentensi ya punda ilikuwa bado ukutani, mbele ya macho yangu, juu ya sufuria. Nilipika chini yake kila siku.

Kokoto nazo niliziongeza. Thelathini zikawa sitini, na jiwe bapa likawa ukingo wa tangi la maji, unaofika gotini. Nilisikia kutua kwake sasa, hata nikiwa na macho wazi. Pu. Pu. Njiwa waliruka.

Siku ya tano ya mikebe nikauliza kama kawaida, "Ngapi?"

"Nne," alisema. "Hapa." Akaweka kidole gumba chini ya mgongo, upande wa kulia. "Nikijibinua kama wakati wa kuruka, kunachoma. Nikiinama mbele hakuna kitu."

Nne ilikuwa imepita tatu. Karatasi ilijua la kufanya, na mimi nilijua. Jua lilikuwa linachomoza, vumbi la dhahabu lilikuwa limesimama hewani juu ya uwanda wetu, na Januari ilikuwa inakuja.

Nikamwambia, "Hiyo ni nguvu inaingia, mwaitu."

Sijui kama aliniamini. Nadhani aliamua kuniamini, na hilo ni jambo lingine. Kesho yake nilipouliza, alisema, "Sufuri." Na kesho kutwa, sufuri. Mpaka mwisho wa likizo karatasi yangu ina safu ya sufuri, zimepangana vizuri kama mayai. Nilifurahi. Niliamini kwamba mikebe imemfanya imara, kumbe nilikuwa nimemfundisha kunificha.

Siku ya kutazamwa, uwanja wa mjini ulikuwa umelowa kidogo kwa mvua ya alfajiri, na watu walizungumza kwa sauti za chini kama walio kanisani. Baba yake alikuja. Mwalimu wa michezo naye alikuja, akamkumbatia, kisha akamtazama anavyotembea.

"Mzee," alinivuta kando, "mbona anatembea kama amebeba kikombe kilichojaa?"

"Ni woga tu," nilisema.

Mruko wa kwanza ulikuwa mzuri. Nilisikia kocha akisema kitu kwa mwenzake, na kalamu ikaandika. Katika wa pili, alikimbia vile vile kama asiye na haraka, akakanyaga ubao, akainuka. Nakiona kipande hicho bila sauti yoyote: mikono juu, kifua mbele, mgongo umebinuka kama upinde, mawingu meupe nyuma yake. Nilitaka abaki pale. Alitua kwa ubavu, akakaa kwenye mchanga, akajaribu kuinuka, akashindwa kunyooka. Hakulia. Mwalimu alifika kabla yangu. Nilimsikia akiuliza, "Ngapi?"

"Nane," mjukuu wangu akasema. "Imekuwa nane tangu Mwaka Mpya."

Hospitalini picha zilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa nyuma wa pingili moja ya chini ya uti wa mgongo. Daktari alisema huwapata vijana wanaokua, wanaoruka na kubinua mgongo na kubebeshwa mzigo mwingi haraka. Hakumlaumu mtu. Alisema apumzike miezi mitatu bila kuruka wala kubeba chochote, hata maji, kisha aanze upya kidogo kidogo. Akasema wengi hupona na kurudi uwanjani.

Kwenye gari niliwaambia wote, baba yake na mwalimu, kwamba aliniambia nne na mimi nikamjibu vile. Nilieleza na mikebe, na punda, na alama ya kalamu mlangoni. Baba yake alisema, "Ni mimi niliyeleta mikebe." Nikamwambia, "Wewe uliuliza. Mimi ndiye niliyejibu." Mwalimu alitazama nje ya dirisha njia nzima. Tulipofika aliniambia kwa upole, "Mzee, ningekuja hata siku ya Krismasi. Kwa mguu," na sijasikia neno zito kuliko hilo.

Mfupa ulipona. Mwaka uliofuata mwalimu alimwandikia karatasi mpya, akianza tena na ufagio na jiwe bapa, nami niliusugua ule mtungi mpaka mistari ikang'aa. Nafasi ya shule ya bweni ilikuwa imeenda kwa msichana mwingine, lakini mwalimu alisema nyingine zitakuja. Mjukuu wangu aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akamrudishia.

"Asante, madam. Mimi nimemaliza kuruka."

Nilimfuata nje. "Ni mgongo?"

"Mgongo ni sawa, babu."

"Sema kweli. Ngapi?"

"Sufuri," alisema, akitabasamu vizuri, kama unavyomtabasamia mgeni.

Sasa anaishi na wazazi wake Salama hata likizo. Huja kunisalimu akiwa na sukari na mkate, husugua sufuria, huuliza kuhusu magoti yangu. Mikebe niliizika nyuma ya ghala. Mchanga wa shimo letu umeota nyasi, na punda hupenda kulala pale asubuhi jua likianza.

Nilisema anza, na gharama yake ni hii. Msichana aliyekuwa akiruka haruki tena. Haniambii tena mahali panapomuuma. Na tangu siku ile ya hospitali hajaniita mtoto wake hata mara moja.